Deni la Kampuni na Mlango wa Mwenye Hisa

Muuzaji wa vifaa vya ujenzi aliyekopesha saruji na nondo za shilingi milioni 80 kwa kampuni ya ukandarasi hufika mahakamani akiwa na kila kitu mkononi: hati za kupokelea mzigo zenye saini, ankara, na ujumbe wa simu ambamo mkurugenzi anaomba avumiliwe hadi mwisho wa mwezi. Kesi ya namna hiyo haina ubishi mkubwa, naye hushinda. Taabu huanza siku dalali wa mahakama anapokwenda kukamata mali. Ofisi ni ya kupanga, meza na viti ni vya mwenye jengo, akaunti ya benki imebaki na shilingi elfu kadhaa, na lori lililokuwa likibeba mizigo limesajiliwa kwa jina la mkurugenzi mwenyewe. Mkurugenzi huyo, mwenye hisa 999 kati ya 1,000, ana nyumba ya ghorofa na shamba la ekari kumi. Mshindi wa kesi huuliza swali ambalo mawakili wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wamelisikia mara nyingi: kwa nini nyumba ile isiuzwe?

Jibu la sheria humkera karibu kila anayelisikia mara ya kwanza. Anayedaiwa ni kampuni, na nyumba si ya kampuni.

Kampuni ikishasajiliwa, iwe BRELA kwa Tanzania au kwenye Huduma ya Usajili wa Biashara kwa Kenya, huwa mtu mbele ya sheria. Hununua, huuza, hukopa, hushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Waliochangia mtaji ni wanahisa wake, na kila mmoja wao aliahidi kitu kimoja tu, yaani kulipia hisa alizochukua. Tuseme kampuni yetu ya ukandarasi ilitoa hisa 1,000 za shilingi 1,000 kila moja. Kama mwanahisa alilipa shilingi 400 tu kwa kila hisa, basi kampuni ikifilisika mfilisi ana haki ya kumdai zile 600 zilizobaki. Kwa hisa zake 999 hiyo ni shilingi 599,400. Akishazilipa, amemaliza. Ikiwa hisa zote zilikwisha kulipiwa tangu mwanzo, hadaiwi hata senti, ingawa deni la saruji ni milioni 80. Huo ndio ukomo wa dhima.

Hapa inafaa kuondoa kosa moja linalowaumiza wengi. Kusajili jina la biashara si kusajili kampuni. Mama mwenye duka la vitenge aliyesajili jina la biashara ana cheti, ana mhuri, pengine ana na bango kubwa barabarani, lakini mbele ya sheria duka ni yeye na yeye ni duka. Deni la duka hufuata kiwanja chake na akiba yake. Hali ni hiyo hiyo kwa ubia wa kawaida, ambapo mbia mmoja anaweza kudaiwa deni lote lililofanywa na mwenzake. Kinga inayozungumzwa hapa huja na kampuni yenye dhima ya ukomo, na jina la kampuni hiyo hulazimika kutangaza ukomo huo ili anayekopesha ajue anamkopesha nani.

Kinga hiyo si ya zamani sana. Uingereza, ambako sheria za makampuni za Afrika Mashariki zilichukuliwa, iliiruhusu kwa makampuni ya kawaida kupitia sheria ya 1855, ikafuatiwa na nyingine mwaka uliofuata. Hoja iliyotolewa ilihusu miradi mikubwa kama reli na viwanda: nani atatoa akiba yake kununua hisa chache za kampuni ambayo haiendeshi yeye, ikiwa kampuni hiyo ikianguka atauziwa nyumba? Wabunge walikuwa wakifikiria mamia ya wanahisa wasiojuana. Hakuna aliyekuwa akimfikiria fundi viatu na familia yake.

Fundi huyo aliitwa Aron Salomon. Alikuwa na kiwanda cha viatu Whitechapel, mashariki mwa London, na aliiendesha biashara hiyo peke yake kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilikuwa biashara imara, yenye mikataba ya serikali. Wanawe wanne walikuwa wakifanya kazi humo na walitaka sehemu yao. Mwaka 1892 Salomon aliigeuza kuwa kampuni. Sheria ya wakati huo ilitaka watu saba, naye akawapata bila kutoka nje ya ukumbi wake: yeye, mkewe, binti yao, na wale wana wanne. Kila mmoja wa wale sita alipewa hisa moja. Salomon akachukua 20,001.

Kisha akaiuzia kampuni hiyo biashara yake kwa takribani pauni 39,000, bei ambayo hata majaji waliompendelea baadaye walikiri kwamba ilikadiriwa na mtu aliyeipenda mno mali yake. Namna bei hiyo ilivyolipwa ndiyo kiini cha kesi. Pauni 20,000 zilimrudia kwa sura ya hisa. Pauni 10,000 hakulipwa taslimu, bali alipewa dibencha, yaani hati inayosema kwamba kampuni inadaiwa naye kiasi hicho na mali yake yote imewekwa rehani kwa deni hilo. Pauni 1,000 hivi alibaki nazo mkononi. Sehemu iliyobaki ililipa madeni ya biashara ya zamani, hivyo hakuna mdai wa awali aliyedhulumiwa. Jambo la kushika ni kwamba Salomon sasa alikuwa na nafasi mbili kwa wakati mmoja. Alikuwa mwanahisa, ambaye hulipwa mwisho kabisa, na alikuwa mkopeshaji mwenye dhamana, ambaye hulipwa mwanzo.

Mambo yakaharibika mapema. Biashara ya viatu ilidorora, wafanyakazi waligoma, na wanunuzi wakubwa wa serikali wakaanza kugawa mikataba yao kwa viwanda vingi ili wasitegemee kimoja. Salomon na mkewe waliikopesha kampuni fedha zao. Yaliposhindikana, alizikabidhi dibencha zake kwa mtu aliyeitwa Broderip, akapata mkopo wa pauni 5,000, na fedha hizo akaziingiza kwenye kampuni. Hazikutosha. Oktoba 1893 kampuni iliingia kwenye ufilisi.

Mali ilipouzwa, Broderip alilipwa chake. Zilibaki pauni 1,055. Nje walikuwa wamesimama wadai wa kawaida, waliouza ngozi na mahitaji mengine kwa mkopo bila dhamana yoyote, na jumla ya madai yao ilizidi pauni 7,700. Salomon alisema zile pauni 1,055 ni zake, kwa sababu dibencha bado zilikuwa zake baada ya Broderip kulipwa. Mfilisi alikataa. Alisema kampuni hii ilikuwa Salomon mwenyewe amevaa koti jingine, na badala ya kuchukua chochote, anapaswa kuwalipa wadai kutoka mfukoni.

Jaji wa kwanza alikubaliana na mfilisi, akasema kampuni ilikuwa wakala wa Salomon, na aliyemtuma wakala hubeba deni. Mahakama ya Rufani ilikubali pia, kwa maneno makali zaidi, ikiona kwamba sheria iliyotungwa kwa ajili ya wanahisa saba wa kweli ilikuwa imechezewa na mtu mmoja na vivuli sita. Salomon wakati huo alikuwa hana kitu tena. Alipeleka rufaa yake Baraza la Malodi akiwa ameruhusiwa kushtaki kama maskini.

Tarehe 16 Novemba 1896 alishinda, na hakuna lodi hata mmoja aliyepinga. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kuvunja. Sheria ilitaka watu saba wenye hisa. Haikusema wawe wageni kwa wageni, wala haikusema hisa zigawanywe sawasawa. Salomon alitimiza kilichoandikwa. Basi ama kampuni ipo au haipo. Ikiwa ipo, biashara ni yake na madeni ni yake, hata kama mtu mmoja anaishika mikononi. Hakukuwa na ulaghai wowote uliothibitishwa. Wale waliokopesha bila dhamana wangeweza kukagua daftari la rehani la kampuni, au wangeweza kudai fedha taslimu.

Wadai wale hawakupata kitu, na ni vigumu kusoma hesabu zile bila kuwahurumia. Lakini hukumu hiyo ndiyo ukuta unaosimama mpaka leo Tanzania, Kenya na Uganda. Mahakama za nchi hizi huinukuu mara kwa mara, na mdai anayetaka kumfikia mwanahisa lazima aanze kwa kueleza kwa nini kesi yake isiishie kama ya wauza ngozi wa Whitechapel.

Tena ukuta huo hauna upendeleo. Humzuia pia mwenye kampuni anapotaka kuuvuka kwa faida yake. Mwenye msitu mmoja huko Ayalandi, bwana Macaura, aliiuzia kampuni yake mbao zote alizokuwa nazo, akasahau kwamba bima ya moto ilikuwa kwa jina lake binafsi. Mwaka 1922 mbao ziliungua. Kampuni ya bima ilikataa kulipa, na mwaka 1925 Malodi waliikubalia: mbao hazikuwa mali yake, zilikuwa mali ya kampuni, na mtu hawezi kulipwa bima ya kitu kisicho chake. Hisa zake zote hazikumsaidia.

Je, ni lini basi jaji huinua pazia la kampuni na kumtazama aliye nyuma yake? Kesi mbili za Uingereza zinaonyesha jambo lenyewe kwa uwazi kuliko maelezo yoyote ya jumla.

Ya kwanza ni ya bwana Horne, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Gilford, kampuni ya magari. Katika mkataba wake wa kazi aliahidi kwamba akiondoka hatawashawishi wateja wa kampuni hiyo. Aliondoka, kisha ikaanzishwa kampuni yenye jina la Horne, ikiuza vipuri vya magari yale yale kwa wateja wale wale. Hisa hazikuwa kwa jina lake bali kwa jina la mkewe na la mtu mwingine aliyefanya kazi naye. Utetezi ulikuwa kwamba kampuni mpya haikuweka saini ahadi yoyote. Mwaka 1933 mahakama ilisema kampuni ile iliundwa ili Horne afanye kwa mlango wa nyuma alichoahidi kutokifanya, ikatoa zuio dhidi ya wote wawili, yeye na kampuni.

Ya pili ni ya bwana Lipman. Mwaka 1961 alisaini mkataba wa kumuuzia bwana Jones nyumba na kiwanja kwa pauni 5,250. Akajuta. Badala ya kukabidhi, alichukua kampuni iliyokwisha kusajiliwa, akaifanya yake, akaihamishia kiwanja kwa pauni 3,000 na kumwambia Jones kwamba mali si yake tena, adai fidia tu. Mwaka 1962 jaji aliamuru Lipman na kampuni yake, wote wawili, wamkabidhi Jones kiwanja. Kampuni ile, alisema jaji, ilikuwa kinyago ambacho Lipman alijishikia usoni ili asionekane.

Zitazamwe tarehe. Horne alikuwa amekwisha kuahidi kabla kampuni haijaanzishwa. Lipman alikuwa amekwisha kuuza kabla kampuni haijachukua kiwanja. Wajibu ulikuwepo kwanza, ukiwa juu ya mtu binafsi, na kampuni ikaletwa baadaye ili kuukwepa. Kwa Salomon mambo yalikuwa kinyume: kampuni ilikuwepo kwanza, na deni la ngozi lilifanywa na kampuni hiyo hiyo, na wauzaji walijua wanamuuzia nani.

Tofauti hiyo ndiyo Mahakama ya Juu ya Uingereza iliyoiweka wazi Juni 2013 katika kesi ya Prest dhidi ya Petrodel. Mfanyabiashara wa mafuta aliachana na mkewe, na mahakama ikaamuru mke apewe pauni milioni 17.5. Nyumba saba za London zilikuwa kwa majina ya makampuni ambayo mume aliyadhibiti. Mke aliomba pazia liinuliwe. Jaji Sumption alisema hapana: makampuni yale yalishika nyumba hizo miaka mingi kabla ya talaka, na hakukuwa na ushahidi kwamba yaliundwa ili kumkwepa mke. Kuinua pazia, alieleza, ni kwa yule tu ambaye ana wajibu tayari, kisha anaingiza kampuni kati ili wajibu huo usitekelezeke. Hata hapo huwa ni hatua ya mwisho, pale ambapo hakuna njia nyingine ya sheria inayofika kwenye haki hiyo.

Mke alizipata nyumba zote saba. Mahakama iliangalia namna zilivyonunuliwa, ikaona fedha zilitoka kwa mume, na kwamba mume na makampuni yake walikuwa wameficha nyaraka na kukataa kueleza. Ikahitimisha kwamba makampuni yalikuwa yamemshikia tu mume nyumba zake kama mdhamini anavyoshika mali ya mwingine. Pazia lilibaki mahali pake. Kilichotazamwa ni nani hasa mwenye mali. Mwanasheria mzuri wa mdai huanzia hapo, kwa sababu kuthibitisha kwamba lori lilinunuliwa kwa fedha za kampuni ni kazi nyepesi kuliko kumshawishi jaji aiweke kando kesi ya Salomon.

Afrika Mashariki imeufuata msingi huo, lakini mabunge yake yamefungua milango kadhaa kwa maandishi. Uganda ndiyo iliyosema waziwazi kuliko wote: kifungu cha 20 cha Sheria ya Makampuni ya 2012 kiliipa Mahakama Kuu uwezo wa kuinua pazia pale kampuni au wakurugenzi wake wanapohusika na vitendo vikiwemo ukwepaji kodi na ulaghai. Kenya, katika Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, iliweka mtego wake kwenye kifungu cha 18: ikiwa mkurugenzi au mwanahisa mwenye kauli ya mwisho ameingia katika mpango ulioifanya kampuni ishindwe kulipa kodi, deni hilo la kodi humfuata yeye mwenyewe. Mamlaka ya kodi haihitaji kubishana kuhusu Salomon.

Kwa mdai wa kawaida kazi hufanyika baada ya hukumu, wakati wa kukaza hukumu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikutana na hali hiyo katika Rufaa ya Madai namba 78 ya 2002, iliyoamuliwa mwaka 2006. Washindi wa kesi walikuwa na tuzo dhidi ya kampuni na hawakuweza kujua mali zake ziko wapi. Mahakama ilikubali kwamba katika mazingira maalumu pazia linaweza kuinuliwa hata katika hatua hiyo na mkurugenzi akafikiwa. Tangu hapo uamuzi huo hutajwa karibu katika kila maombi ya aina hii nchini. Wengi huunukuu kana kwamba kampuni ikikosa mali tu, mkurugenzi analipa. Mahakama Kuu imeyatupa maombi mengi ya namna hiyo kwa sababu mwombaji hakuonyesha kilichofanya mazingira yake yawe maalumu.

Turudi kwa muuza saruji tuone hatua anazopitia. Kwanza lazima aonyeshe kwamba amejaribu kukamata mali ya kampuni na ameshindwa. Taarifa ya dalali wa mahakama inayosema hakukuta kitu ndiyo ushahidi wa hilo. Hatua ya pili ni kuomba mkurugenzi aitwe mahakamani ahojiwe. Kenya utaratibu huo umo kwenye Agizo la 22, kanuni ya 35, ya Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za 2010: ofisa wa kampuni huitwa aje na vitabu vya hesabu, aeleze kwa kiapo kampuni inamdai nani, ina mali gani, na fedha zake zilikwenda wapi. Tanzania nayo ina utaratibu wa kumhoji mdaiwa kuhusu mali. Kuitwa huku hakumfanyi mkurugenzi kuwa mdaiwa. Ni njia ya kupata habari, na habari ndiyo anayoikosa mdai.

Katika mahojiano hayo karatasi moja huzungumza kuliko nyingine zote, nayo ni taarifa ya benki ya kampuni. Tuseme inaonyesha kwamba mteja aliyejengewa ghala alilipa shilingi milioni 120 tarehe 3, na tarehe 5 milioni 110 zikahamishwa kwenda akaunti binafsi ya mkurugenzi bila ankara, bila mkataba wa mkopo, bila azimio la bodi. Kama hati ya mashtaka ya muuza saruji ilikabidhiwa kampuni tarehe 28 ya mwezi uliotangulia, picha imebadilika. Mahakama haioni tena biashara iliyoshindwa. Inaona mtu aliyejua deni linakuja akaihamisha mali ili likute patupu. Tukiongeza kwamba wiki mbili baadaye ilisajiliwa kampuni mpya yenye anwani ile ile, simu zile zile na mafundi wale wale, nayo ikachukua mkataba uliobaki wa ghala bila kuilipa kampuni ya zamani kitu, mdai ana hoja inayofanana na ya Gilford kuliko ya Whitechapel.

Sasa tuseme taarifa hiyo hiyo inaonyesha jambo jingine. Milioni 120 ziliingia, zikatoka kwa kulipa mishahara, mafuta, kodi ya mitambo na deni la benki, na mteja wa pili, ambaye alikuwa na deni la milioni 200 kwa kampuni, hajalipa mpaka leo. Hapo muuza saruji atashindwa, na atashindwa kwa haki. Mkurugenzi kuwa na nyumba nzuri si kosa. Kuwa na hisa 999 si kosa. Salomon alikuwa na 20,001. Mtaji kuwa mdogo, mke kuwa mwanahisa wa pili, ofisi kuwa sebuleni, hata kampuni kuendeshwa vibaya, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha peke yake kuinua pazia. Makosa ya wakurugenzi katika kutunza kumbukumbu huwapa mawakili wa mdai maneno ya kusema, lakini jaji atauliza ulaghai uko wapi na ulikusudia kukwepa wajibu gani.

Maombi mengi huangukia hapo hapo. Kiapo cha mwombaji husema tu kwamba mkurugenzi ni mjanja na anajificha nyuma ya kampuni. Hakitaji tarehe, hakitaji kiasi, hakiambatanishi taarifa ya usajili inayoonyesha nani alikuwa mwanahisa siku gani. Ulaghai ni tuhuma nzito hata katika kesi ya madai, na mahakama hutaka uthibitisho wa kiwango cha juu kuliko ule wa deni la kawaida. Mdai anayeanza kukusanya nyaraka hizo siku ya kukaza hukumu mara nyingi amechelewa, maana akaunti imefungwa na lori limeuzwa.

Kuna mlango mwingine ambao wadai wadogo hawautumii vya kutosha. Kampuni ikiingia kwenye ufilisi, sheria za Tanzania na Kenya humruhusu mfilisi kuiomba mahakama iwaamuru walioiendesha kwa nia ya kuwalaghai wadai wachangie kulipa madeni. Sheria hizo huwagusa pia wakurugenzi walioendelea kukopa wakati walijua, au walipaswa kujua, kwamba kampuni haiwezi tena kuokoka. Hapa pazia haliinuliwi. Mkurugenzi huwajibika kwa alichokifanya mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba fedha zinazopatikana huingia kwenye kapu la wadai wote, si la muuza saruji peke yake, na ufilisi wenyewe una gharama za kuanzia ambazo mdai wa milioni 80 hufikiria mara mbili kuzitoa.

Mabenki yaliyaona haya yote zamani, na ndiyo sababu hayahangaiki na pazia. Kampuni ndogo inapoomba mkopo, afisa mikopo huweka mezani karatasi mbili. Moja ni mkataba wa mkopo, unaosainiwa na kampuni. Nyingine ni dhamana binafsi, inayosainiwa na mkurugenzi kwa jina lake, akiahidi kulipa kampuni ikishindwa. Mara nyingi huambatana na hati ya nyumba. Kwa saini hiyo ya pili mkopaji ameurudisha mwenyewe, kwa hiari, ule wajibu ambao usajili wa kampuni ulimwondolea. Benki haitahitaji kuthibitisha ulaghai wowote. Muuza saruji angeweza kuomba karatasi kama hiyo kabla ya kupakia mfuko wa kwanza, ya ukurasa mmoja tu, na nyumba ile ya ghorofa ingekuwa ndani ya deni tangu siku hiyo.

Dhamana hizo hudumu kuliko wengi wanavyodhani. Nyingi huandikwa zihusu mikopo yote ya kampuni, ya sasa na ya baadaye. Mkurugenzi anaweza kujiuzulu, akauza hisa zake zote, jina lake likaondolewa kwenye daftari la msajili, na kampuni ikapita mikononi mwa watu asiowajua kabisa. Kampuni ikishindwa kulipa miaka mitatu baadaye, benki itamfuata yeye, kwa sababu saini yake haikuwa kwenye hisa bali kwenye dhamana. Anayeondoka kwenye kampuni anatakiwa kuiandikia benki aombe kuachiliwa, na asihesabu kwamba ametoka mpaka benki imjibu kwa maandishi kwamba dhamana yake imefutwa.